Miligramu Kumi na Moja

Nilimwonea wivu mwalimu wa kemia, tena kwa ajili ya binti yangu wa kumzaa. Ninalisema hili mapema ili asije mtu akadhani ninaandika habari za maabara tu. Watu wamezoea wivu wa mume. Mume wangu yuko Kizimkazi, huwachukua wageni kwa boti kwenda kuwaona pomboo, na kila Alhamisi jioni hurudi kwetu Chukwani akinuka petroli na mafuta ya kujipaka ya wageni. Huyo sijawahi kumwonea wivu hata siku moja. Wivu wangu wote niliuweka kwa mtoto, nao ulipokuja ulikuja mzima mzima, ukanitoa usingizi na hamu ya kula.

Mimi ni fundi wa maabara katika skuli moja ya sekondari ya wasichana, mwendo mdogo tu wa miguu kutoka Darajani. Wanafunzi huniita Bi Maabara, na walimu nao wamelishika jina hilo. Kazi yangu ni kutengeneza miyeyusho, kuosha vyombo, na kuilinda mizani na hewa ya bahari, maana Unguja chumvi huingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Na ninayo kazi moja ambayo ndiyo fahari yangu. Kabla ya kila mtihani wa vitendo huingia peke yangu, nikafunga mlango, nikalifanya jaribio lile lile watakalolifanya wanafunzi. Namba ninayoipata huandikwa katika daftari jeusi, ikaitwa jawabu la maabara. Mwanafunzi akilikaribia jawabu langu kwa miligramu tano, juu au chini, hupata alama zote za usahihi. Akilikosa, amelikosa. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeniuliza nimelipataje.

Na kwa nini aniulize? Mimi ni msafi. Marehemu mama yangu alinifunza kwamba chombo hakijaoshwa mpaka kidole kikipita juu yake kilie. Bika zangu zinalia. Jirani zangu wa Chukwani husema kwa kunitania kwamba hata samaki mimi humsuuza mpaka akasahau alitoka baharini, na mimi hucheka, kwa sababu ni kweli.

Binti yangu alikulia katika kile chumba cha nyuma ya maabara. Alipokuwa mdogo, akitoka skuli yake ya msingi alikuja kwangu, nikampa chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa boflo, kisha akasimama juu ya kibao anitazame. Mimi ndiye niliyemfunza kusoma bureti, kwamba jicho liwe sawasawa na maji, lisiwe juu wala chini. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba vitu vyenye madini ya risasi havimwagwi kwenye sinki, vina ndoo yake yenye kifuniko. Hata alipoingia skuli yetu, akafika Kidato cha Tano, kila mchana alipita chumba cha nyuma kabla ya kwenda popote. Nilikuwa nikiutambua mlio wa ndara zake kutoka mwisho wa baraza.

Kisha akaja mwalimu. Mtu wa Makunduchi, umri wake haujafika miaka thelathini na mitano, amesoma mbali na kurudi. Ameolewa miaka mingi na hajajaaliwa mtoto. Siku ya kwanza alikuja mpaka mlangoni kwangu akanipa shikamoo yangu kwa adabu, nikaipokea marahaba, nikakaa kumtafuta kasoro. Sikuiona. Hakuwa na majivuno, hakuchelewa, hakuacha vyombo vichafu. Ubaya wake mkubwa ulikuwa huo, kwamba hakuwa na ubaya.

Haukupita muda, nyumbani kwangu kukawa hakusemwi kitu ila mwalimu kasema. Mwalimu kasema ndizi zina hiki, mwalimu kasema sabuni hufanya vile. Usiku mmoja tukila nilihesabu: jina la mwalimu lilitajwa mara kumi na saba kabla sahani hazijaondolewa. Binti yangu akaanza kufunga ushungi kwa mkunjo wa mwalimu, ncha moja juu ya bega. Mwalimu aliwachukua wasichana Jozani wakapime chumvi ya maji kwenye mikoko, na binti yangu akarudi na matope mpaka magotini na furaha ambayo mimi sikumpa. Mchana nikawa nazisikia zile ndara zikija, zikikaribia, kisha zikipinda kushoto kuelekea chumba cha walimu. Nikamimina chai yangu mwenyewe, boflo nikawapa paka.

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Nilikonda kweli. Shoga yangu mmoja aliniuliza kama nina sukari.

Sasa nifike kwenye lile jaribio. Kila mwaka, katika mtihani wa majaribio wa Kidato cha Sita, huwa tunampa mwanafunzi myeyusho wa naitreti ya risasi asioujua nguvu zake. Huchukua sentimita za ujazo ishirini, akamwagia salfeti ya sodiamu kwa wingi, na papo hapo hutoka unga mweupe ukazama chini ya bika. Unga huo ni salfeti ya risasi, chumvi ambayo haiyeyuki ila kidogo sana. Sisi huuita mashapo. Huyachuja mashapo kwa karatasi iliyokwisha pimwa uzito, akayaosha ili kuondoa vitu vingine vilivyobaki, akayakausha kwenye oveni, akayapima. Kutokana na uzito huo hujua risasi ilikuwa kiasi gani.

Myeyusho huo nautengeneza mimi, kwa hivyo nilijua kwamba kwa hesabu mashapo yangestahili kuwa gramu 0.303. Lakini katika daftari jeusi, mwaka baada ya mwaka, mkono wangu uliandika 0.292, au 0.291, au 0.293. Pungufu ya miligramu kumi na moja hivi. Nilijiambia kwamba ile chupa ya naitreti ya risasi ni ya zamani, imenyonya unyevu. Chupa hiyo ikaisha, ikaja mpya, na upungufu ukabaki ule ule. Nikasema na hii mpya bila shaka imekaa sana bandarini. Mtu asiyetaka kujitazama hakosi la kusema.

Nami niliyaosha mashapo kama nilivyofunzwa kuosha kila kitu. Nilitumia maji ya mvuke, yale yanayotoka kwenye mtambo wetu yakiwa hayana chumvi hata chembe. Mara sita, kila mara sentimita za ujazo hamsini, na kila mara nayaacha maji yakae juu ya mashapo dakika kumi yalowe vizuri, ndipo nayaachia yachuje.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa mwaka huo, binti yangu naye keshafika Kidato cha Sita, mwalimu alikuja kuniomba nimtengenezee chupa za salfeti ya sodiamu, nyepesi kabisa, ya moli 0.01 kwa lita. Nikamuuliza za nini. Akasema za kuoshea mashapo. Nikamwambia kwamba kuosha kwa maji ya chumvi ni kama kusuuza sahani kwa mchuzi. Akacheka, akakaa kunieleza. Alisema maji matupu yana njaa, huila salfeti ya risasi mpaka yashibe. Lakini maji yaliyokwisha kuwa na salfeti ndani yake hayana nafasi, kwa hivyo mashapo hayayeyuki. Chumvi zote mbili zina ioni moja ya pamoja, akasema, na hiyo ndiyo inayoyazuia. Kisha mwishoni wasichana watamalizia kwa vimiminio viwili vidogo vya maji baridi, sentimita tano tano, kuiondoa ile salfeti ya sodiamu isije ikakaukia kwenye karatasi na kuongeza uzito.

Maneno yote hayo niliyasikia. Lakini nilikuwa nikiutazama ushungi wake, ncha juu ya bega, na moyoni nikisema: huu ndio mkunjo anaouiga mwanangu.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara ya sayansi, maalim mmoja mtu mzima, mpole, ambaye fani yake ni fizikia, na kemia aliiacha zamani. Nikamwambia mwalimu mpya anataka watoto waoshe mashapo kwa chumvi, na chumvi hiyo itakaukia kwenye karatasi, uzito utazidi. Ile habari ya vimiminio viwili vya mwisho sikuitaja. Sikuisahau. Niliiacha makusudi, na ninakumbuka hasa mahali katika sentensi nilipoirukia.

Maalim alitafuta suluhu, kama kawaida yake. Akaamua kila meza iwekwe chupa mbili, ya maji na ya salfeti, na kila mwanafunzi achague mwenyewe. Jawabu la maabara litabaki kuwa langu.

Siku ya mtihani, Jumatano, niliyapanga madawati kumi na manne. Mwaka huo alama za vitendo zilikuwa na uzito, kwa sababu skuli ilikuwa ipeleke jina la msichana mmoja kwenye nafasi ya masomo ya kiangazi bara, na ukurasa wa matokeo ungebandikwa Jumatatu. Nilisimama pembeni na saa yangu. Wasichana kumi na wawili walinyoosha mkono kuchukua chupa ya salfeti bila hata kufikiri, maana ndivyo walivyofunzwa. Mmoja, mtoto wa haraka haraka ambaye hujikwaa hata pasipo na kitu, alichukua chupa iliyokuwa karibu, ikawa ya maji. Wa kumi na nne ni binti yangu. Aliziangalia chupa zote mbili kwa muda. Kisha akachukua ya maji.

Akaosha mara sita. Kila mara aliyaacha maji yakae, akitazama saa ya ukutani, dakika kumi. Hakunitazama hata mara moja.

Sina njia nzuri ya kuieleza furaha niliyoipata pale. Haikuwa furaha ya kheri. Nilihisi kama mtu aliyerudishiwa kitu mbele ya mwizi wake. Nilimtafuta mwalimu kwa macho nimwone anaona, na alikuwa anaona. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, ameukunja uso kidogo.

Uzito ulipopimwa, kumi na wawili wa salfeti walipata kati ya 0.301 na 0.304. Yule wa haraka alimwaga nusu ya mashapo yake, akapata 0.240. Binti yangu alipata 0.292. Daftari langu jeusi lilikuwa limeandikwa 0.292.

Ijumaa maalim alituita ofisini, mimi na mwalimu. Wanafunzi kumi na wawili wamekosa alama za usahihi, akasema, wote kwa upande mmoja, wote kwa kuzidi. Ni jambo la kufundishwa vibaya. Mwalimu hakupandisha sauti. Alichukua chaki akaanza hesabu ubaoni, lakini adhana ya kwanza ilikuwa imekaribia na maalim alikuwa keshavaa kofia yake. Akamwambia kwamba hapa pana jawabu la miaka kumi na tisa na pale pana hesabu ya mwaka mmoja. Akasema huenda ikawa vizuri kuanzia wiki ijayo arudi kufundisha Kidato cha Kwanza, na Kidato cha Sita atafutiwe mtu mwengine.

Mwalimu akaomba kitu kimoja tu, jaribio la maabara lirudiwe mbele ya macho yake. Maalim akanigeukia. Na mwalimu akanigeukia.

"Bi Maabara, yatosha naitreti ya risasi kurudia?" akauliza maalim.

"Haitoshi," nikasema. Chupa ilikuwa nusu, kabatini, na ufunguo wake ulikuwa umening'inia shingoni mwangu.

Nilirudi Chukwani siku ile nikapika kwa mikono miwili. Nilimpikia binti yangu pilau na kachumbari, nikamwita kula kwa jina la utotoni. Alikula kidogo, akasema ameshiba. Nikamwambia kuwa jina lake ndilo litakalokwenda bara. Akasema ahsante. Nilidhani ni haya ya mtoto aliyelelewa vizuri.

Jumamosi mchana alikuwa akianua nguo uani, nami nikikunja busati aliposomea. Daftari lake la kemia likateleza, likafunguka. Nililiokota tu. Ukurasa ulikuwa na mwandiko wake wa kusimama wima, na tarehe ya juu ilikuwa ya Jumanne, siku moja kabla ya mtihani. Aliandika hivi:

Salfeti ya risasi ikiyeyuka, kila chembe hutoa ioni moja ya risasi na moja ya salfeti. Maji yakishashiba, ukizidisha kiasi cha risasi kwa kiasi cha salfeti (moli kwa lita), jawabu ni lile lile siku zote: 1.8 × 10⁻⁸.

Kuosha kwa maji matupu. Risasi na salfeti ni sawa, kila moja x.
x × x = 1.8 × 10⁻⁸
x = 1.34 × 10⁻⁴ moli kwa lita
Moli moja ni gramu 303, kwa hivyo gramu 0.041 kwa lita.
Katika 300 cm³: 0.3 × 0.041 = gramu 0.012 zinapotea.

Kuosha kwa salfeti ya sodiamu 0.01. Salfeti iliyomo tayari ni 0.01, na x ni ndogo mno, haiongezi kitu.
x × 0.01 = 1.8 × 10⁻⁸
x = 1.8 × 10⁻⁶ moli kwa lita, yaani gramu 0.00055 kwa lita.
Katika 300 cm³: gramu 0.00016. Mizani yetu haiioni.

Hesabu ilikuwa safi, na mstari wa mwisho ameupigia rula. Lakini chini ya rula aliongeza kitu, kwa penseli, kwa herufi ndogo:

Mama: mara sita × 50 = 300.
0.303 − 0.012 = 0.291.
Jawabu la Mama litakuwa 0.291 au karibu yake.

Niliisoma mara ya pili nikiwa nimekaa chini. Miaka kumi na tisa miligramu zangu kumi na moja zilikuwa zikishuka kwenye ndoo ya risasi pamoja na maji yangu safi, na mtoto wa miaka kumi na minane alizikamata kwa penseli bila hata kufungua maabara. Yale maneno ya maji yenye njaa niliyapuuza nikitazama ushungi. Na ile kulowesha dakika kumi, ambayo niliiona ndiyo ustadi wangu, ndiyo iliyoyapa maji muda wa kushiba.

Aliingia na nguo mkononi, akaliona daftari, akasimama.

Nikamuuliza kama alijua, alipoichukua ile chupa ya maji, kuwa anakosea. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama alifanya hivyo apate alama. Hapo akaudhika kweli, macho yakamjaa.

"Alama za nini, Mama? Nlijua wewe utapata ngapi kabla hujapima. Na nlijua wenzangu wote watapata ngapi. Sikutaka ubaki peke yako."

"Na mwalimu wako?"

Alikunja nguo moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mwalimu ana hesabu ya kumtetea," akasema. "Wewe ungekuwa na nani?"

Nilichukua nguo zilizobaki, nikazikunja mimi.

Jumapili nilikwenda skuli. Mlinzi alinifungulia, akauliza kama kuna mtihani mwengine, nikamwambia kuna mmoja wa mtu mmoja. Nikatoa ile chupa ya naitreti niliyosema haitoshi. Nikafanya jaribio mara mbili, bika kwa bika, sehemu ile ile ya myeyusho ule ule. La kwanza nikaliosha kama nilivyoosha siku zote. La pili nikaliosha kwa salfeti ya sodiamu, kisha vimiminio viwili vidogo vya maji baridi. Yalipokauka nikayapima: la kwanza gramu 0.292, la pili 0.302.

Bado moyo wangu ulikuwa na ubishi. Nikachukua maji ya kuoshea ya lile jaribio la kwanza, niliyoyakinga kwenye chupa safi. Yalikuwa meupe pe, ungeweza kudhani ni ya kunywa. Nikayatilia matone ya salfeti ya sodiamu, ya nguvu safari hii, nikaiweka chupa mbele ya karatasi nyeusi, nikakaa. Baada ya dakika chache yakaanza kuchafuka, kama tui la tatu, lile jepesi kabisa. Yale yaliyoyeyuka yalikuwa yakirudi kuwa mashapo kwa kuletewa ile ioni ya pamoja. Nilikaa nayo mpaka ukungu ukatua chini ya chupa, nikalia kidogo, kisha nikaosha vyombo.

Jumatatu, kabla ukurasa haujabandikwa, niliingia ofisini kwa maalim. Nilimwomba amwite mwalimu. Nikaweka mezani karatasi mbili za mashapo, chupa yangu ya ukungu, na daftari jeusi. Nikasema mambo matatu, na niliyasema kwa mpango wa ukubwa wake. Kwamba jawabu langu si sahihi, wala halikuwa sahihi miaka yote. Kwamba nilipoleta mashtaka niliviacha makusudi vile vimiminio viwili vya mwisho. Na kwamba naitreti ya risasi ilitosha, tena ilizidi. Maalim alivua miwani yake akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ni wivu, na sikulipamba neno. Alinitazama, akamtazama mwalimu, akaona bora asiulize zaidi.

Mwalimu alikuwa ameishika chupa juu ya mwanga wa dirisha. Angenitukana ningepona. Badala yake alisema kwa sauti ya kawaida kwamba ukungu wangu umetoka vizuri kuliko wake wa darasani, na kama nitakubali, angependa niwaonyeshe wasichana mimi mwenyewe. Kidato chake cha Sita akarudishiwa pale pale.

Maalim akachukua kalamu nyekundu akaanza kusahihisha upya. Jawabu la maabara likawa 0.302. Wasichana kumi na wawili wakapanda. Kalamu ikafika kwenye jina la binti yangu, juu kabisa ya ukurasa, ikasita. Nikamwambia aendelee. Alimkata alama za usahihi, na jina lake likashuka kutoka la kwanza hadi la kumi na tatu. Nafasi ya bara ikaenda kwa msichana mwengine, mtoto wa fundi seremala wa Kikwajuni, naye aliistahili. Nilikuwa nimekwisha mwambia binti yangu alfajiri ya siku ile, tukisubiri maji ya chai yachemke. Aliuliza kama lazima. Nikasema lazima. Akasema basi, akanimiminia chai.

Tulipotoka ofisini mwalimu alinisimamisha barazani. Alikuwa na ukurasa mkononi na kidole chake kiko pale kwenye nambari kumi na tatu.

"Kuna kitu sikifahamu," akasema. "Hesabu hii anaijua kuliko darasa zima. Nlimsahihishia mwenyewe. Kwa nini aliosha kwa maji?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimeshasema uongo wa kutosha katika ofisi ile.

"Alijua kuwa mimi ntaosha kwa maji," nikamwambia. "Alinisindikiza."

Aliushusha ukurasa polepole, akatazama upande wa uwanja, ambako wasichana walikuwa wakipanga mstari na binti yangu yumo kati yao, ncha ya ushungi wake juu ya bega. Alimtazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi, mara moja, haraka, kabla hajawahi kuurekebisha uso wake. Niliujua uso ule. Nilikuwa nimeuvaa mwaka mzima.